Si Kila Mnyororo Una Ulinzi Sawa

Wenzangu husema sarafu yoyote ya kidijiti ni salama maadamu ina mnyororo wa bloku. Mimi napinga. Kinachoulinda mnyororo ni gharama ya kuwashinda wachimbaji wake.

Mwezi Agosti 2020, Ethereum Classic ilishambuliwa mara tatu. Mshambuliaji hupeleka sarafu zake kwenye soko la kubadilishia fedha, huku kwa siri akichimba mnyororo mwingine ambamo malipo hayo hayamo. Akishatoa thamani yake sokoni, huutangaza mnyororo wake. Kwa kuwa ana zaidi ya nusu ya nguvu za kuchimba, wake umebeba kazi nyingi zaidi, na mtandao huukubali. Sarafu zinamrudia.

Nguvu hizo hukodiwa. Wakati ule, kadi za michoro zilizochimba Ethereum kubwa ziliweza kuchimba na hii ndogo. Kwa Bitcoin, mashine za kukodi hazitoshi. Itambidi anunue, na mashine hizo hazina kazi nyingine: akiua imani ya watu, ameua mtaji wake mwenyewe.

Nitajibiwa kwamba mshambuliaji hawezi kuchukua sarafu za pochi ya mwingine. Kweli, ufunguo hana. Lakini aliyempokea kama mteja hubaki mikono mitupu.

Basi kabla ya kumshauri mfanyabiashara apokee sarafu ndogo, tuulize kwanza: kukodi zaidi ya nusu ya nguvu za mtandao huo kwa saa chache ni shilingi ngapi?