MITA MOJA, MILANGO TANO: TUONYESHENI HESABU!

Vijana wa Bukavu, na ninyi mliotoka Bunyakiri kuja kupanga huku mjini, hii mambo mnaijua. Fakture ya umeme inafika, mwenye nyumba anaikunja mfukoni, anapita mlango kwa mlango: "Kila mtu atoe faranga 12 800." Ukiuliza sababu, unaitwa mkorofi.

Sisi tunakataa. Kugawa sawasawa si haki kama matumizi hayako sawa.

Tuhesabu pamoja, kwa mfano. Parseli iko na milango tano na mita moja. Mwezi jana mita ilisoma 18 420, leo inasoma 18 740. Imetumika kWh 320. Fakture ni faranga 64 000, basi kila kWh ni faranga 200.

Mlango wa kwanza anakaa mwanafunzi. Ana balbu mbili za wati 10, anaziwasha saa tano kila usiku: hiyo ni kWh 3 kwa mwezi. Weka simu na redio, inafika 4. Mlango wa tano kuna friza ya kuuzia vinywaji, inakula kWh 130. Wote wawili wanalipa 12 800. Mwanafunzi ndiye anayepoza vinywaji vya jirani!

Sasa weka mita ndogo kwa kila mlango. Zinasoma 4, 20, 61, 90 na 130. Jumla 305. Zile 15 zinazobaki ni taa ya uwanja na umeme unaopotea kwenye waya. Tunazigawa, tatu tatu. Mwanafunzi analipa kWh 7, yaani faranga 1 400. Mwenye friza analipa 26 600. Hakuna aliyeibiwa.

Na kama zinazobaki ni nyingi sana? Zimeni kila kitu kwenye milango yote na taa ya uwanja, halafu mtazame mita kubwa. Ikiendelea kuhesabu, huenda kuna waya unaokwenda mahali pengine, ama mita yenyewe ni mbovu.

Papa na Mama wenye nyumba, tunawaomba mambo matatu:

1. Mita ndogo kwa kila mlango, kwa gharama ya mwenye nyumba, kwa sababu mpangaji akihama mita inabaki ukutani.

2. Mita zote zisomwe siku moja, mbele ya mpangaji mmoja, namba ziandikwe kwenye daftari ambalo kila mtu anaweza kulifungua.

3. Fakture yenyewe ionyeshwe, si jumla ya mdomo. Kama namba zake hazilingani na mita kubwa, huenda kampuni imekadiria bila kusoma. Hapo twende kulalamika pamoja, mwenye nyumba na wapangaji. Wakati tunangoja, mita ndogo zitaonyesha kila mlango ubebe sehemu gani.

Wapangaji, msingoje: leo jioni pigeni picha ya mita kubwa, na mwisho wa mwezi pigeni nyingine.

Hatukatai kulipa. Tunakataa kulipa gizani.