Pointi za ndege zikiibwa, kampuni isimwachie abiria mzigo

Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayefuata bidhaa Dubai anaweza kukusanya pointi za safari miaka 3, kisha siku moja akute konti yake imebaki sifuri. Mara nyingi mwizi hulipia nazo tiketi ya mtu mwingine, tena ya safari ya kesho au kesho kutwa, ili ndege iruke kabla mwenyewe hajashtuka. Anayeibiwa apige simu siku hiyohiyo, aombe konti ifungwe na tiketi ifutwe. Ndege ikisharuka, kudai kunakuwa kugumu zaidi.

Asafishe pia imeli yake. Wezi wengi hupitia humo, wakaacha wamepanga ujumbe wa kampuni ujifute wenyewe. Kubadili nenosiri bila kuondoa mpango huo ni kazi bure.

Halafu kampuni humdai ushahidi, na hapo ndipo penye dhuluma. Jina la aliyesafiri, saa na mahali konti ilipofunguliwa, vyote viko kwenye mashine za kampuni. Masharti ya kampuni nyingi husema pointi ni mali yao, si ya abiria. Basi aliyeibiwa ni kampuni: imrudishie mteja pointi zake, kisha imuulize aliyesafiri tiketi ile aliinunua kwa nani.