Mkataba wa Kiswahili na Kanuni za Kuazima

Wako mawakili wasemao kwamba ofisi ndogo haihitaji karatasi ya kanuni za uandishi. Hoja yao ni kuwa watu wanne wakaao chumba kimoja huweza kuulizana kwa midomo namna ya kuandika tarehe au jina la mdai, na kwamba kusahihisha tahajia ni kazi ya mwalimu wa shule, si ya mtu aliyeapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Wako na wengine, na madhara yao ni makubwa zaidi, ambao hukubali kuwa karatasi hiyo yatakiwa, lakini huichukua ya Kiingereza, wakaifasiri mstari kwa mstari, wakaibandika ukutani. Kundi la kwanza limepungukiwa na bidii. La pili lina bidii nyingi, ila limeielekeza mahali pasipo na hatari, na mahali penye hatari limepaacha wazi.

Neno hili lilikuwa dogo zamani, mikataba na hukumu zilipokuwa nyingi kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa Kiingereza kiliachiwa nafasi pale ambapo haki ingekihitaji. Basi ofisi iandikayo mkataba wa Kiswahili haina ruhusa tena ya kudhani kuwa nyuma ya maneno yake imesimama nakala ya Kiingereza itakayoyanyoosha.

Na lichukuliwe jambo la kila siku: mkataba wa pango wa duka moja la Kariakoo, ambalo wenyeji huliita fremu. Mwandishi wa mkataba huanza kwa kuwapa wahusika majina, na kwa desturi huwaita Mpangishaji na Mpangaji. Majina haya ni sahihi kwa sarufi, lakini ni mabaya kwa kazi. Tofauti yao ni herufi tatu tu zilizojificha katikati ya neno. Mpiga chapa aliyechoka akiziruka katika kifungu kisemacho kwamba Mpangishaji atatengeneza paa, mzigo wa paa umehamia kwa mwenye duka la nguo, wala kompyuta haitapiga mstari mwekundu, kwa kuwa neno lililobaki ni neno halali. Wengine hukimbilia Mkodishaji, nako ni kuruka majivu na kukanyaga moto, maana kamusi husema akodishaye ndiye atoaye, na mtaani mtu aliyechukua chumba husema vilevile kuwa amekodisha. Karatasi ya ofisi ingeamuru Mwenye Nyumba na Mpangaji, majina yasiyofanana kwa jicho wala kwa sikio. Amri hiyo ina mpaka wake: ikiwa anayepangisha ni msimamizi wa mirathi, kumwita Mwenye Nyumba ni kutamka umilikaji asiokuwa nao, na hapo jina lake litakuwa Msimamizi.

Baada ya majina huja herufi kubwa, na hapa ndipo karatasi ya kuazima ianguapo vibaya kuliko pote. Kiingereza kina kijineno kitanguliacho nomino kuonyesha kuwa ni yule aliyekwisha kutajwa. Kiswahili hakina. Neno mpangaji peke yake laweza kuwa mpangaji huyu, au mpangaji yeyote chini ya jua. Katika mkataba wa Kiswahili herufi kubwa ndiyo ifanyayo kazi ya kijineno kile: Mpangaji ni huyu aliyetia saini, na mpangaji ni mtu yeyote wa aina hiyo. Kwa Mwingereza herufi kubwa ni shahidi wa pili. Kwa Mswahili ni shahidi pekee. Lakini shahidi huyu huwa bubu mwanzoni mwa sentensi, ambapo kila neno hupewa herufi kubwa. Kifungu kisemacho “Mpangaji hataegesha gari uani” chamfunga nani, mwenye duka lile moja au wapangaji wote wa jengo? Mwandishi hujua alilokusudia. Msomaji hana njia ya kujua. Kanuni ifaayo ni kwamba neno lililofasiliwa likianza sentensi huhesabiwa kuwa limefasiliwa daima, na mwingine asiye yeye huandikwa kwa urefu, “mpangaji mwingine yeyote”, wala hawekwi mwanzoni akiwa uchi.

Ushahidi huo huharibiwa pia na adabu. Waandishi wengi huipa herufi kubwa kila kitu wakiheshimucho: Wakili, Mkataba, Serikali, Shahidi, Bidhaa. Heshima ni jambo jema, lakini ukurasa uliojaa herufi kubwa ni kama baraza ambamo kila mtu amevaa joho la hakimu. Herufi kubwa na zibaki kwa majina ya pekee, kama Mahakama Kuu, na kwa maneno yaliyofasiliwa katika mkataba huo. Mengineyo yaandikwe kwa ndogo, hata yakiwa matukufu.

Jambo la tatu halimo kabisa katika karatasi za Kiingereza, kwa sababu Kiingereza hakina ngeli. Mkataba wetu wa mfano una Fremu, Kodi na Dhamana, na yote matatu yako katika ngeli moja. Soma kifungu hiki: “Dhamana itatunzwa na Mwenye Nyumba mpaka Fremu itakapokabidhiwa, na ikiwa na upungufu italipwa na Mpangaji.” Kitu gani kina upungufu, fedha iliyowekwa au duka lenye mlango uliovunjika? Na ni kitu gani kitalipwa? Kiambishi i hakichagui. Maneno ya kukopa huingia kwa wingi katika ngeli hiyo, na mkataba wa biashara umejaa maneno ya kukopa, kwa hiyo kosa hili si la nadra. Dawa yake ni kuchagua maneno ya kufasiliwa kwa kutazama ngeli zao: duka liitwe Chumba, malipo ya kila mwezi yaitwe Pango, fedha ya kuwekwa iitwe Amana, kipindi kiitwe Muda. Sasa kuna ki, li, i na u, na kifungu chasomeka hivi: “Amana itatunzwa na Mwenye Nyumba hadi Chumba kitakapokabidhiwa, na kikiwa na upungufu, gharama ya kukitengeneza italipwa na Mpangaji.” Upungufu sasa ni wa chumba na si wa fedha, na kinacholipwa kimetajwa kwa jina.

Kwa watu njia hii haifai, maana Mwenye Nyumba na Mpangaji wote ni wa ngeli moja. Hapo hapana budi kurudia jina kila mara. Wanafunzi wa insha hufundishwa kukwepa marudio, na mafundisho hayo hupamba hadithi. Yakiingia katika mkataba, yule aliyeitwa Mpangaji katika kifungu cha pili huwa mteja katika cha tano na mfanyabiashara katika cha tisa, na wakili wa upande wa pili hupata watu watatu wa kubishania.

Uchaguzi huu hufanywa kabla ya kuandika, si baadaye. Atakayeiamuru kompyuta ibadilishe Fremu kuwa Chumba katika mkataba uliokamilika atapata “Chumba yenye mlango mmoja” na “Chumba hiyo”. Kwa alama hizo msomaji hodari hutambua mara moja mkataba ulionakiliwa, na huanza kutafuta ni kitu gani kingine kilichosahaulika humo.

Kuhusu tahajia maneno hayana haja ya kuwa mengi. Ofisi na ichague kamusi moja, tuseme Kamusi Kuu ya Baraza la Kiswahili la Taifa, na pale kamusi ikubalipo sura mbili, karatasi iseme moja. Maneno yenye maana mbili ndiyo yahitajiyo sheria. Sahihi ni alama ya mkono na pia ni jambo lisilo na kosa, iandikwe saini. Mpaka ni ukomo wa kiwanja na pia ni kiungo cha wakati. Ubaki kwenye kiwanja, na wakati upewe hadi. Kodi ni malipo ya nyumba na pia ni haki ya Serikali. Mkataba ukisema Mpangaji “atalipa kodi zote”, umemtwisha nini? Mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU, hata mpangaji akajikuta ameilipa kodi ya mwenye nyumba bila kuulizwa. Yeye aweza kudai arudishiwe. Mwenzake ataonyesha maneno “kodi zote”. Neno Pango kwa malipo ya chumba, na kodi kwa Serikali tu, lingeumaliza ugomvi huo kabla haujazaliwa.

Zimebaki tarehe na saa, nazo ni shamba la miiba. Kuandika 3/4/2025 ni kuacha siku na mwezi vigombane, kwa kuwa kompyuta nyingi huja zikiwa na desturi ya Kimarekani ya kutanguliza mwezi. Iandikwe 3 Aprili 2025. Hilo hata karatasi ya Kiingereza hulisema. Lisilosemwa nayo ni kwamba “mwezi wa tatu” kwa Mswahili ni Machi, na pia ni mwezi wa tatu wa pango, ambao kwa mkataba ulioanza 1 Februari ni Aprili. Haisemi kuwa saa 4 ya Dar es Salaam si ile isomwayo kwenye uso wa saa ya benki, hivyo kila saa sharti ifuatwe na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Wala haijui kuwa kwa hesabu ya kale ya pwani siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Muda ukiandikwa kuwa utakwisha usiku wa Ijumaa, mzee wa Bagamoyo na karani wa mjini watafika kuchukua funguo kwa siku mbili mbalimbali, na kila mmoja ana haki ya lugha yake. Na aandike mwandishi: “saa 12 jioni, tarehe 31 Januari 2026”. Siku zihesabiwazo nazo zitajwe kama siku ya kuanzia imo au haimo. Sheria ya Tafsiri ya Sheria ina kanuni zake juu ya siku hiyo, lakini imewekwa kwa ajili ya sheria zilizotungwa, na mkataba wa watu wawili wapaswa kujisemea wenyewe.

Karatasi ya namna hii haitungwi kwa kukaa na kuwaza. Hutolewa mikataba kumi kutoka kabatini, ikapigiwa mstari kila mahali inapohitilafiana yenyewe kwa yenyewe, na mtu mmoja akaamua. Kurasa mbili zatosha. Ya tatu haisomwi na mtu. Tarehe iandikwe juu yake, ili ijulikane mkataba upi uliandikwa kwa kanuni zipi. Maneno ya sheria na ya hukumu yanukuliwapo hayaguswi, hata yakivunja kila kanuni ya ofisi. Na mkataba wa nyongeza hufuata maneno ya mkataba wa awali: kama mwaka ule duka liliitwa Fremu, litaitwa Fremu mpaka pango hilo liishe.