Kwa Nini Njiwa Hutikisa Kichwa Akitembea?

Watoto wetu hupenda kuwatazama njiwa wakiokota mtama uani, na swali lao halikosi: mbona kila hatua kichwa huenda mbele na kurudi nyuma?

Jibu laanza kwa kusahihisha tukionacho. Kichwa hakirudi nyuma. Mtazameni njiwa apitaye mbele ya ukuta wenye alama, kama vile mistari ya vigae. Mtaona kwamba kichwa hutupwa mbele kwa ghafla, kisha husimama palepale mkabala na alama moja, huku kiwiliwili kikikifuata. Kifua kikaribiapo kichwa, shingo hujikunja, nasi hudhani kwamba kichwa kimerudi. Kumbe kilikuwa kikingoja.

Kilingoja ili macho yapate kuona. Jicho lililo mwendoni huona ukungu, kama picha iliyopigwa kwa mkono unaotikisika. Sisi wanadamu tuna dawa yetu. Mwangalieni abiria ndani ya matatu anapotazama nje: macho yake hudaka kitu kimoja, hukifuata kidogo, kisha huruka kwenye kingine. Macho ya njiwa yako ubavuni mwa kichwa, wala hayazunguki sana kama yetu. Basi kazi ifanywayo na macho yetu, yeye huifanya kwa shingo. Katika kituo hicho kifupi, dunia yote hutulia machoni pake, na punje iliyo chini au paka anyemeleaye huonekana wazi.

Huenda mtu akasema kwamba njiwa hutikisa kichwa ili asipepesuke, kama sisi tupungavyo mikono. Mwaka 1978, mtaalamu Barrie Frost wa Kanada alichapisha majaribio yaliyolijibu jambo hilo. Aliwatembeza njiwa juu ya mkanda unaorudi nyuma. Miguu yao ilipiga hatua kama kawaida, lakini kwa kuwa mkanda uliwarudisha kwa mwendo uleule, hawakusogea mbele, na vitu vilivyowazunguka havikupita machoni pao. Vichwa vikatulia. Ingekuwa sababu ni hatua za miguu, vichwa vingeendelea kutikisika.

Si ndege wote wafanyao hivyo. Kuku hutembea kwa mtindo huo wa njiwa, ilhali bata huenda zake na kichwa kimetulia.

Mwenye kuku nyumbani aweza kulishuhudia jambo hili leo. Mshikeni kwa upole kwa mikono miwili, kisha msogezeni mwili polepole mbele na nyuma. Kichwa chake kitabaki kimesimama hewani mahali pamoja, hadi shingo ifike mwisho wa urefu wake. Hapo ndipo kitakaporuka na kutua mahali papya, kama cha njiwa uani.