Digrii Thelathini na Nane Usiku wa Kisiwani

Yako mambo ambayo ukubwa wake haulingani na sura yake. Digrii 38 za joto la mwili, kwa mtu mzima, ni homa ya kumlaza kutwa moja kitandani. Kwa mtoto wa miaka miwili anayecheza na kula, ni jambo la kuangaliwa kwa utulivu. Lakini kwa mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi mitatu, digrii hizo hizo, zilizopimwa kwa njia ya haja kubwa, ni amri ya kuondoka nyumbani saa ile ile. Tofauti hii ndiyo tunayotaka wananchi wa visiwa vyetu na viongozi wao waielewe.

Kwanza yafaa ieleweke kwa nini njia ya haja kubwa hutajwa. Joto la kwapani hupungua kwa sababu ya hewa na jasho, na mkono wa mama juu ya paji la uso si kipimo. Joto la njia ya haja kubwa ndilo lililo karibu zaidi na joto la ndani ya mwili. Kwa kawaida kipimo cha kwapani huwa chini yake kwa kiasi cha nusu digrii. Kwa hiyo mtoto aliyeonekana na digrii 38 nyumbani anaweza kuonekana na 37.5 kituoni, ambako wauguzi hupima kwapani. Vipimo hivyo viwili havipingani. Vyasema jambo moja. Mzazi na aseme idadi aliyoiona na mahali alipopima, bila ya kuongeza wala kupunguza, na muuguzi asimrejeshe nyumbani kwa kudhani kuwa homa imekwisha njiani. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, mwongozo wa wauguzi wenyewe unahesabu digrii 37.5 za kwapani kuwa ni dalili ya hatari.

Kupima si kazi ngumu, bali kwataka upole. Kitumike kipimajoto cha betri chenye ncha laini, kilichooshwa kwa sabuni na kutengwa kwa kazi hiyo tu. Ncha ipakwe mafuta mepesi ya mgando. Mtoto alazwe chali, miguu yake ikunjwe na kushikwa juu, na ncha iingizwe sentimita moja hadi mbili tu, bila ya kulazimisha, mpaka kipimajoto kilie. Ikiwa mtoto amezongwa kanga mbili na sweta juu yake, apunguziwe nguo, na baada ya robo saa apimwe tena. Joto la nguo hushuka. Joto la maradhi hubaki. Likibaki 38 au zaidi, hakuna haja ya kipimo cha tatu.

Sababu ya haraka hii imo katika mwili wa mtoto mwenyewe. Kinga yake bado ni changa, na vijidudu vikiingia katika mkojo au damu vyaweza kuufikia utando wa ubongo kwa muda wa saa chache. Naye hana dalili nyingi za kutoa: pengine ni homa peke yake. Wengi wa watoto hawa huonekana mwishowe kuwa na homa nyepesi ya virusi. Lakini katika uchunguzi wa nchi mbalimbali, kiasi cha mmoja katika kila kumi huwa na maradhi mazito ya bakteria, mara nyingi katika njia ya mkojo. Hakuna mzazi, wala daktari, awezaye kumtambua huyo mmoja kwa kumtazama tu.

Tuchukue mfano. Mtoto wa siku 19 yuko Tumbatu. Saa tatu za usiku mama yake aona ananyonya kivivu. Ampima: 38.2. Ampunguzia nguo, ampima tena: 38.1. Katika nyumba yapo mashauri matatu. Bibi asema apewe kijiko cha dawa ya homa, walale, asubuhi waangalie. Jirani asema ni malaria. Mjomba asema liandikwe kombe kwanza.

Shauri la kwanza ndilo la hatari kuliko yote. Dawa ya homa hushusha idadi katika kipimajoto, haiui kijidudu hata kimoja. Asubuhi mtoto ataonekana amepoa huku maradhi yakiendelea, na daktari atakuwa amenyang'anywa dalili yake. Mtoto wa umri huu asipewe dawa hiyo kabla ya kuchunguzwa. Shauri la pili lilikuwa na uzito zamani. Lakini tangu dawa mseto ilipoanza kutumika Zanzibar mwaka 2003, pamoja na vyandarua na upulizaji wa majumba, malaria imepungua sana. Na katika siku za mwanzo za uhai, bakteria ndiyo ya kuhofiwa kwanza. Kipimo cha malaria kifanywe, lakini kikitoka safi kisiwe hati ya kumrejesha mtoto nyumbani. Ama la tatu, sisi tuliokalia mikeka ya vyuoni hatuna neno na dua. Dua husomwa chomboni pia. Kutawakali hakumwondolei nahodha wajibu wa kushika usukani.

Basi mama huyo avuke usiku huo huo hadi Mkokotoni na kuendelea hospitali ya Kivunge. Njiani amshikilie mtoto kifuani, amfunike kiasi, aendelee kumnyonyesha akiweza. Huko atarajie damu na mkojo kuchukuliwa, na pengine maji ya uti wa mgongo. Wazazi wengi hulikimbia sindano hilo la mwisho, ilhali ndilo linaloonyesha kama ubongo umefikiwa. Dawa za sindano huanza bila ya kungoja majibu yote.

Baada ya miezi mitatu hukumu hubadilika. Mtoto mwenye 38 anayenyonya, anayetazama na kucheka, aweza kuangaliwa nyumbani, lakini apelekwe kupimwa ndani ya saa 24. Akifika 39 kabla ya kutimiza miezi sita, asingojewe. Na katika umri wowote, dalili hizi hazisubiri idadi: kukataa kunyonya, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kutoamka, kupumua kwa shida, utosi uliovimba, madoa yasiyofifia yakibonyezwa. Mtoto mchanga aliyepoa kuliko kawaida, chini ya 35.5 kwapani, naye yumo hatarini kama mwenye homa.

Hapa tunawageukia viongozi. Ni bure kumwambia mama avuke usiku ikiwa chombo hakipo. Tunapendekeza kila shehia ya visiwa vidogo iwe na zamu ya boti inayojulikana kwa jina la nahodha, mafuta yake yakiwa yamewekwa akiba, na nauli isiulizwe ufukweni. Tunapendekeza pia kila mzazi anapotoka wodi ya uzazi apewe kipimajoto na afundishwe kukisoma. Kipimajoto ni kitu cha bei ndogo kuliko galoni za petroli za safari moja iliyochelewa.

Sheha atakapoitisha mkutano ujao, na aulizwe swali moja: usiku wa leo, mtoto wa siku 19 akipata digrii 38, nani ataiwasha mashine?