Msiwaulize waliocheka tu



Wengi wetu hapa Uingereza tuna biashara ndogo pembeni ya kazi. Mmoja anapika chakula cha harusi na hitima, mwingine anasuka nywele, mwingine anakusanya mizigo ya kwenda Mombasa na Dar es Salaam. Wateja tunawatafuta kwa njia moja: tunawaonyesha maneno ya wateja waliotangulia. "Biriani ilikuwa tamu mno, Mungu akubariki dada." Chini yake, nyota tano.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata chema kinatembezwa, na sioni ubaya, maana mgeni asiyejua mji huu atamwamini nani kama si aliyekula kabla yake? Ninachopinga ni namna tunavyoyakusanya maneno hayo. Mara nyingi kila neno ni la kweli, lakini picha nzima ni ya uongo, kwa sababu tumechagua nani wa kuulizwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja amepika katika shughuli 40 kwa mwaka. Watu 12 walimpigia simu kumshukuru, naye akawaomba hao 12 waandike maoni. Kumi na mmoja wakatoa nyota tano, mmoja nyota nne. Wastani ni 4.9, na tangazo linapendeza.

Sasa tuseme angewaandikia wote 40, siku mbili baada ya kila shughuli, ujumbe uleule: "Asante kwa kutupa kazi. Tafadhali tuandikie chakula na huduma vilikuwaje, vizuri na vibaya." Wanajibu 22. Kumi na watano wanatoa nyota tano, wanne nyota nne, wawili nyota tatu, mmoja nyota mbili. Wastani ni 4.5. Bado ni mpishi mzuri. Ila wale watatu wa chini wote wanasema jambo moja: chakula kilifika kimechelewa. Anayepanga harusi alihitaji kulijua hilo kuliko sifa zote za biriani, na mama mwenyewe pia alihitaji kulijua. Kwa kuwauliza waliocheka tu, alijinyima habari ya bei kubwa: hana shida ya jikoni, ana shida ya gari.

Kuchuja namna hii si jambo dogo la mtaani. Mwaka 2022 kampuni ya nguo ya Marekani, Fashion Nova, ilikubali kulipa dola milioni 4.2 kumaliza madai ya tume ya biashara ya huko, FTC, kwamba ilizuia maoni ya chini ya nyota nne yasionekane kwenye tovuti yake. Maoni yaliyoonyeshwa hayakuwa ya kutungwa. Tatizo lilikuwa yale yaliyofichwa.

Hapa Uingereza sheria imebadilika. Tangu tarehe 6 Aprili 2025, maoni ya uongo yamepigwa marufuku waziwazi, pamoja na kuficha kwamba mtoa maoni alipewa kitu. Kuonyesha maoni ya wateja kwa namna inayopotosha nako kumekatazwa. CMA, mamlaka inayosimamia ushindani na masoko, inaweza kutoza faini hadi asilimia 10 ya mauzo yote ya kampuni. Sidhani watakuja kubisha hodi kwa muuza sambusa kesho asubuhi, lakini sheria haikusema kwamba biashara ndogo imesamehewa.

Na hapa linaingia jambo letu wenyewe, nalo ni jamaa. Mtu akifungua biashara, shangazi, binamu na majirani wa zamani wanakimbilia kumpa nyota tano. Wanafanya kwa mapenzi. Lakini shangazi ambaye hajawahi kununua hata sambusa moja akiandika kama mteja, hayo ni maoni ya uongo kwa maana ya sheria, kwa sababu hayatokani na jambo lililomfika. Kama alikula kweli, bila kulipa, aseme hivyo: "Mimi ni shangazi yake, nilikula nyumbani kwake." Msomaji atayapima mwenyewe. Na jamaa anayetaka kusaidia kweli ana njia nzuri zaidi: anunue, alipe, kisha amwambie ndugu yake faraghani kilichopungua.

Zawadi nazo zina mtego wake. "Nipe nyota tano nikupunguzie pauni kumi" ni kununua sifa, na haifai kabisa. Watu wengi hawajui kwamba Google hairuhusu zawadi yoyote kwa anayetoa maoni, hata usipotaja idadi ya nyota. Vilevile hairuhusu kuwaomba walioridhika peke yao. Maoni yanaweza kufutwa. Kwenye karatasi yako mwenyewe, kama mteja alipata punguzo kwa kuandika, andika hivyo kando ya maneno yake, kwa herufi zinazosomeka.

La mwisho ni maneno yenyewe. Mteja anakutumia ujumbe wa WhatsApp: "Biriani ilikuwa tamu mno, ila tulisubiri saa nzima." Unaupiga picha, unakata, unabandika: "Biriani ilikuwa tamu mno." Hukuongeza hata herufi moja, na bado umemsemesha asichosema. Nashauri kanuni nyepesi: ukitaka kufupisha, mrudishie mteja ufupisho wako na umuulize, "Je, hivi ndivyo unavyosema?" Hapohapo muombe ruhusa ya kuonyesha maneno yake, na muulize kama anataka jina lake litajwe au lisitajwe. Ujumbe aliokutumia wewe hakuutuma kwa mji mzima. Picha ya meza ya shughuli ikiwa na sura za watoto inahitaji ruhusa ya wazazi wao pia, si ya mwenye harusi tu. Na mtu akibadili mawazo mwaka ujao, ondoa bila ubishi.

Najua jibu la wengi: "Jirani ana nyota tano tupu, mimi nikionyesha nyota mbili, nani atanipa kazi?" Hofu hiyo ina msingi, sikatai. Lakini mnunuzi mzoefu anaanza kuwa na shaka anapoona maoni 20 yaliyoandikwa wiki moja, yote ya nyota tano, yote kwa maneno yanayofanana. Nyota mbili zenye jibu lako chini yake, "Kweli tulichelewa, tangu Machi tunafika saa moja kabla," zinamwambia jambo ambalo sifa haziwezi kumwambia: kwamba ukikosea unarekebisha.

Hata njia hii haileti ukweli wote. Katika mfano wetu watu 18 hawakujibu, na mara nyingi wanaoandika ni waliofurahi sana au waliochukia sana. Ndiyo maana hesabu ionekane. Gulio letu la mwisho wa muhula linakuja, na wengi mtaweka meza zenye mabango ya maoni. Napendekeza kila bango liwe na mstari mmoja chini: "Tuliwauliza wateja 40, wamejibu 22, wastani ni 4.5." Kisha weka sifa moja na lawama moja, zote kwa ruhusa. Kama hujui uliwauliza wangapi, bado una muda: anza na mteja wa wiki hii, na usiruke hata mmoja.