MIEZI SITINI NA HESABU ILIYOFICHWA NDANI YAKE



Kila mara mwajiri, kampuni ya bima au serikali inapokuambia, "Chukua fedha hizi zote kwa mkupuo mmoja badala ya kulipwa kidogo kidogo miaka mingi," kuna namba moja inayoamua kama umelipwa au umepunjwa. Namba hiyo haiandikwi kwenye hundi, na mara nyingi hata afisa anayekukabidhi hundi haijui. Ni kiwango cha kupunguzia, yaani asilimia inayokatwa kwa kila mwaka ambao ungengoja fedha zako.

Kukata si wizi peke yake. Shilingi ya leo ina nguvu kuliko shilingi ya mwakani, kwa sababu ya leo unaweza kuiweka ikazaa. Kama fedha zinazaa asilimia 10 kwa mwaka, basi shilingi 3,600,000 utakazolipwa baada ya mwaka mmoja ni sawa na 3,273,000 mkononi leo, maana hizo ukiziweka zitafika 3,600,000 siku hiyo. Malipo ya mwaka wa pili hugawanywa mara mbili kwa 1.10, ya mwaka wa tatu mara tatu, na kuendelea. Mwishoni hujumlishwa yote, na jumla hiyo ndiyo mkupuo wa haki. Hesabu hii mtoto wa shule pale Ediofe anaiweza akiwa na kalamu na kikokotoo cha simu. Kigumu ni kukubaliana juu ya ile asilimia 10. Kwa nini isiwe 5? Kwa nini isiwe 20? Hapo ndipo mfanyakazi anapopatikana.

Tuiangalie Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000. Inasema kwamba mtu aliyeumia kazini akapoteza kabisa na kwa maisha uwezo wa kufanya kazi, atalipwa kiasi sawa na mapato yake ya miezi 60. Akipoteza sehemu ya uwezo, analipwa asilimia ya hiyo miezi 60 kwa kadiri ya kilema chake. Sheria haitaji kiwango cha kupunguzia hata mara moja, na wengi wetu tumeisoma tukadhani basi hakuna. Kipo. Tukitafute.

Tumchukue kijana wa kubuni, lakini wa aina tunayoijua sote. Ametoka Ediofe akiwa na nguvu zake, akaenda kusini kukata miwa kama walivyokwenda wazee wengi wa West Nile kwenye mashamba ya Kakira na Lugazi. Ana miaka 30 na anapata shilingi 300,000 kwa mwezi. Mashine inamwondolea mikono yote miwili. Kama asingeumia angefanya kazi hadi miaka 55, umri ambao mfuko wa NSSF humlipa mtu akiba yake. Hiyo ni miaka 25, kila mwaka shilingi 3,600,000, jumla milioni 90. Sheria inampa miezi 60, yaani milioni 18.

Hakuna mtu wa haki atakayedai milioni 90 leo, kwa kuwa fedha za miaka 25 ijayo lazima zipunguzwe. Basi tupunguze. Kwa asilimia 5, ile miaka 25 ya mshahara ni sawa na karibu milioni 50.7 za leo. Kwa asilimia 10, karibu milioni 32.7. Ili tufike chini mpaka milioni 18 tunalazimika kutumia karibu asilimia 20. Kwa kiwango hicho mshahara mzima wa mwaka wake wa mwisho kazini, shilingi 3,600,000, unahesabiwa leo kuwa shilingi 38,000 tu. Mwaka mzima wa kukata miwa, kwa bei isiyofika hata sehemu ya saba ya mshahara wa mwezi mmoja!

Sasa mweke kando yake mzee wa miaka 50 mwenye mshahara uleule na ajali ileile. Amebakiza miaka mitano, ambayo ni miezi 60 kamili. Analipwa miezi 60. Kwake yeye hakuna kilichokatwa, kiwango chake ni sifuri. Hatumwonei wivu mzee wetu. Ila sheria moja, kwa namba moja, imemkata kijana asilimia 20 na mzee haikumkata kitu, na hakuna aliyekaa mezani akaamua iwe hivyo. Imetokea kwa sababu miezi 60 ni miezi 60 kwa kila mtu, na umri haukuulizwa.

Mfano mwingine uko hapahapa kwetu, nao unauma zaidi. Mtumishi wa serikali anapostaafu Uganda, theluthi moja ya pensheni yake ya mwaka huzidishwa mara 15, akapewa kama kiinua mgongo kwa mkupuo. Theluthi mbili zinazobaki hulipwa kila mwezi, na baada ya miaka 15 pensheni yake hurudi kamili. Mwalimu mwenye pensheni ya shilingi 3,600,000 kwa mwaka anaacha 1,200,000 kila mwaka kwa miaka 15, na anapewa milioni 18. Piga mwenyewe: 1,200,000 mara 15 ni milioni 18. Hakukatwa hata senti moja kwa kulipwa mapema. Watu wawili, pengine wa kata moja, wana milioni 18 kila mmoja. Mmoja kauza milioni 18 za siku zijazo, mwingine kauza milioni 90. Serikali inajua basi kulipa bila kukata inapotaka.

Waajiri watajibu, na jibu lao lisikilizwe. Watasema, "Huyo kijana aweke milioni 18 zake zizae." Haya, aziweke. Mfuko wa NSSF uliwapa wanachama asilimia 10 kwa mwaka wa fedha 2022/23, asilimia 11.5 mwaka uliofuata, na 13.5 mwaka 2024/25. Tuseme kijana wetu anapata 10 kila mwaka bila kukosa, na kila mwezi anachota 300,000, sawa na mshahara wake wa zamani bila nyongeza yoyote. Fedha zitakwisha baada ya karibu miaka 7. Atakuwa na miaka 37, hana mikono wala fedha, na miaka 18 bado iko mbele kabla ya kufika 55. Anayesema asilimia 20 atuonyeshe mahali ambapo mtu asiye na mikono, aliye kijijini, anapata asilimia 20 kila mwaka kwa robo karne bila hatari. Mimi sipajui, labda kwa wale wanaokopesha kwa riba na kushikilia kadi za benki za wakopaji wao.

Na hata 10 ni nyingi kwa mtu huyu, kwa sababu mshahara haukai palepale. Kama fedha zinazaa asilimia 10 na mishahara ya wenzake waliobaki shambani inapanda asilimia 5 kwa mwaka, faida yake ya kweli ni karibu 5 tu, na ndicho kiwango cha kumhesabia. Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilianzia, walibishana juu ya jambo hili miaka mingi. Mwaka 1998 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama yao ya juu, liliamua kwamba majeruhi si mfanyabiashara wa hisa na halazimiki kucheza bahati nasibu na fidia yake. Apimwe kwa faida ndogo ya mahali salama, baada ya kuondoa kupanda kwa bei. Kiwango kilichokuwa asilimia 2.5 tangu 2001 kilishushwa mwaka 2017 kikawa chini ya sifuri, yaani kutoa 0.75, kikawa kutoa 0.25 mwaka 2019, na kuanzia Januari 2025 ni 0.5 juu ya sifuri. Kampuni za bima zilipiga kelele sana. Lakini kiwango kinatangazwa hadharani, na kila mtu anajua anakatwa kiasi gani.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa kuwa wapo ndugu watakaodhani dawa ni kukataa mkupuo na kudai malipo ya kila mwezi. Wazee wa Arua wanakumbuka miaka ya 1980. Mei 1987 serikali ilibadilisha fedha, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na katika kubadilisha ikakatwa asilimia 30. Kabla ya hapo bei zilikuwa zikipanda kila mwezi. Aliyekuwa na ahadi ya kulipwa kiasi kilekile kila mwezi kwa miaka kumi alibaki na karatasi. Aliyepewa mkupuo mapema akanunua ng'ombe au kujenga nyumba ya kupangisha, alibaki na kitu. Malipo ya kila mwezi ni mazuri pale tu yanapopanda pamoja na bei, na pale mlipaji atakapokuwa bado yupo miaka 20 ijayo. Shamba likiuzwa au kiwanda kikifungwa, utamdai nani?

Kwa hiyo chama kisipigane dhidi ya mkupuo. Kipigane juu ya kiwango. Tunataka ile miezi 60 ibaki kuwa kima cha chini, na juu yake liwekwe jedwali la umri: miaka iliyobaki hadi 55, kiwango kilichotangazwa na kuandikwa, na idadi ya mishahara ya mwaka inayotoka hapo. Kwa asilimia 5 kijana wa miaka 30 angepata mishahara ya miaka 14, wa miaka 40 angepata zaidi kidogo ya 10, na mzee wa 50 angebaki na 5 yake bila kupunguzwa. Mzigo wa mwajiri ungeongezeka, hilo halifichiki, lakini mzigo huo upo leo pia. Unabebwa na mke na ndugu za majeruhi huko kijijini.

Kabla jedwali hilo halijaja, ndugu utakayeletewa karatasi ya mapatano usitie dole gumba siku hiyohiyo. Mapatano hayaruhusiwi kushuka chini ya kiasi cha sheria, na yapitie kwa afisa wa kazi. Mlete katibu wa tawi. Andikeni malipo unayoyaacha ni kiasi gani kwa mwaka na ni miaka mingapi. Kisha gawanya mkupuo unaopewa kwa malipo ya mwaka mmoja. Ukiacha miaka 25 na jibu likawa 14, umekatwa asilimia 5. Likiwa 9, umekatwa 10. Likiwa 5, umekatwa 20, na hapo mwulize aliyeleta karatasi, mbele ya mashahidi, asilimia hiyo ameitoa wapi. Kama ajali ilitokana na uzembe wa mwajiri, bado kuna njia ya mahakama, ambako hakimu huangalia umri na miaka iliyobaki, na kilichokwisha kulipwa chini ya sheria hii hutolewa katika hukumu. Njia hiyo ni ndefu na ina gharama za wakili, kwa hiyo ile namba uwe nayo mkononi kabla hujaamua kuishika.